Cha kupoteza: msomaji anapofika katikati ya hadithi bila kujua shujaa anahatarisha nini

Cha kupoteza ni kile ambacho mhusika mkuu atanyang'anywa iwapo mambo yatamwendea kombo. Watu wengi hukichanganya na lengo, na wengine na mgogoro. Lengo ni anachokitaka, mgogoro ni kinachomzuia, na hivyo viwili vinaweza kuwa wazi kabisa huku msomaji bado anajiuliza: na akikikosa, kwani iko nini?

Nichukue mswada mmoja wa hadithi fupi ya kurasa kumi na mbili, uliotungiwa Lamu. Lali, kijana wa Matondoni, anataka kushinda mashindano ya mashua. Ami yake, anayemlea tangu baba yake afariki, amemkataza. Lali anamkaidi, anakusanya mabaharia, na wanaingia mkondoni kati ya Lamu na Manda. Lengo lipo, kizuizi kipo. Lugha nayo inapendeza: utaona tanga likijaa upepo, na mabaharia wakipanda kwenye ule ubao unaotokeza upande wa joshi, unakotoka upepo, ili uzito wao uzuie chombo kulala. Hata hivyo wasomaji watatu walioupokea waliuweka chini kabla ya mashindano kuanza, na kila mmoja alimwambia mwandishi neno lilelile la adabu: "Umeandika vizuri."

Maneno hayo hayana msaada wowote, na kosa ni la swali waliloulizwa. Ukimuuliza msomaji kama imempendeza, atakujibu kama mgeni aliyeulizwa kuhusu pilau. Njia ya kupima ni kumpa kurasa za mwanzo tu, hadi pale mhusika anapoamua kutenda, kisha umsimamishe na kumuuliza jambo moja: akishindwa, kesho yake asubuhi nini kitakuwa kimebadilika katika maisha yake? Asipekue kurasa nyuma, ajibu kwa alichobaki nacho kichwani. Nawe usimsaidie, hata akinyamaza.

Wasomaji wa Lali walipoulizwa hivyo, mmoja alisema atafedheheka mbele ya watu. Wa pili alisema familia itavunjiwa heshima. Wa tatu alidhani baba yake alizama kwenye mashindano kama hayo, kwa hiyo Lali anahatarisha roho yake, jambo ambalo halimo popote katika mswada. Majibu hayo yasomwe kwa makini. Yanapotofautiana namna hii, maana yake wasomaji wanajaza wenyewe pengo uliloliacha. Na yanapokuwa ya jumla, kama fedheha na heshima, maana yake wameazima jibu linaloingia katika hadithi yoyote. Lile la kubahatisha ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu linaonyesha pale msomaji alipokuwa na kiu ya kujua.

Mwandishi alishangaa. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: ami amekopa kwa mchuuzi wa samaki wa Malindi, mashua ya marehemu ndiyo rehani, na deni lisipolipwa kwa zawadi ya mashindano inachukuliwa. "Mbona nimeandika!" Kweli ameandika, ukurasa wa tisa, ndani ya mazungumzo, mashindano yakiwa yamekwisha kuanza. Uamuzi wa Lali uko ukurasa wa tatu. Ndiyo maana huwa nashauri uchukue kalamu, upigie mstari sentensi ambamo mhusika anaamua, kisha upigie mstari sentensi ya kwanza inayotaja hasara, halafu uhesabu kurasa zilizo katikati. Hapa ni sita. Katika kurasa hizo sita msomaji hana sababu ya kuhofu, na kila kitu alichoonyeshwa, tanga, umati, rangi ya maji, kilisomeka kama picha za kalenda. Mwandishi mwenyewe hakuweza kuliona hilo kwa macho yake, kwa kuwa kila ami alipokunja uso, yeye aliliona deni. Msomaji aliona mzee mkali tu.

Kuna ugonjwa wa jirani unaofanana na huu, na dawa yake si hii. Msomaji akijibu sawasawa kwamba mashua itachukuliwa, kisha akaongeza kuwa halimgusi, basi cha kupoteza kinaonekana ila hajapewa muda wa kukipenda, au kumpenda mwenye nacho. Hapo ukizidi kutaja deni utamchosha bure.

Kwa Lali, dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuliburuta deni kutoka ukurasa wa tisa hadi wa pili. Linasaidia, lakini halitoshi, kwani deni ni hesabu, na hesabu haina sura. Mwandishi aliandika badala yake tukio fupi la mnunuzi wa mashua hiyo ya rehani anayekuja ufukweni kukikagua chombo kilipopandishwa mchangani. Anaupima mkuku kwa hatua. Anakwangua ubao kwa ukucha pale penye kalafati, ananusa kidole. Anafika nyuma kwenye jina ambalo baba yake Lali aliliandika kwa mkono wake, anamgeukia ami na kumuuliza, "Rangi hii inakwanguka?" Ami anajibu, "Inakwanguka, bwana." Lali yuko pale, ameshika kamba. Hakuna aliyetamka neno hasara, na hakuna msomaji atakayeikosa.

Bado kulikuwa na tundu mbili. Ya kwanza ni muda. Msomaji wa pwani anajua mashindano hurudi, basi atasema Lali asubiri ya mwakani. Mlango huo ulifungwa kwa sentensi moja ya mnunuzi: atakuja kukichukua chombo kabla kusi haijaanza. Hasara inayoweza kufidiwa baadaye humfanya msomaji astarehe.

Ya pili ndiyo waandishi wengi huisahau. Lali asiposhindana, mashua inaenda; akishindana akashindwa, mashua inaenda vilevile. Basi hana anachohatarisha kwa kujaribu, na yule ami anayemkataza anaonekana mkaidi asiye na hoja. Swali la kupimia hapa ni: kwa nini asikae tu nyumbani? Jaribio lenyewe lazima liwe na bei. Katika toleo jipya ami anasema wazi kwamba mlingoti ni mkongwe, na ukivunjika, mnunuzi atashusha thamani, mashua itaenda na sehemu ya deni itabaki shingoni mwao. Sasa kukataza kwake kuna mantiki, na Lali anapolisukuma dau la bahati yake tunajua anaweza kuiacha nyumba ya ami yake pabaya kuliko alivyoikuta.

Si lazima yote yajulikane ukurasa wa kwanza. Hadithi ya kitendawili inaweza kuficha hasara kubwa kwa muda mrefu, mradi msomaji apewe ndogo ya kushikilia wakati anangoja. Wala ukubwa si hoja. Kuna waandishi ambao wakiambiwa cha kupoteza hakionekani huongeza vifo, na mswada unarudi una maiti tatu na ukungu uleule.

Toleo jipya apewe msomaji mwingine kabisa. Wale watatu wa mwanzo wameshaambiwa habari ya deni, na watakujibu sawasawa hata kama hukulibadilisha neno moja.