Skolashipu ya dola, matumizi ya shilingi: panga kwa reti ya chini, sio ya leo

Wanafunzi wengi wanaokuja ofisini kwetu kuuliza habari ya pesa ya skolashipu wanakuja na hofu moja, kwamba shilingi ikishuka watakwama. Jamani kwenu ni kinyume. Wewe unapokea dola halafu nauli, chakula na kodi unalipa shilingi, kwahiyo shilingi ikishuka unapata zaidi, tatizo linakuja pale shilingi inapopata nguvu na dola zako ni zilezile. Na hilo limetokea juzijuzi tu, katikati ya 2024 dola moja ilikuwa inapita 2,600, kufika Disemba ikateremka hadi karibu 2,400, halafu Mei 2025 ikarudi karibu 2,700. Mtu aliyepanga mwaka mzima kwa reti ya Juni, Disemba ilimkuta na kodi palepale na mfuko umepungua.

Tuchukue mfano, mwanafunzi katoka Wete anasoma Tunguu, kapanga chumba, analipwa dola 400 kwa mwezi. Kwanza hizo 400 hazifiki zote, benki za njiani zinakata chao, tuseme zinaingia 385. Hiyo 385 ndio ya kupangia, itazame kwenye taarifa ya benki sio kwenye barua ya skolashipu. Pili, reti unayoiona kwenye simu sio utakayopewa, kila benki na kila duka la kubadilishia fedha lina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na wewe unawauzia wao dola kwahiyo yako ni ile ya kununua, ile ya chini.

Sasa fungua tovuti ya Benki Kuu, reti za kila siku zipo pale, rudi nyuma mwaka mmoja na nusu hivi utafute ile ya chini kabisa. Tuseme umekuta 2,400. Toa tofauti ya benki yako, toa na kidogo cha tahadhari, weka 2,300. Dola 385 kwa 2,300 ni 885,500, basi bajeti yako ya mwezi iwe 880,000, kodi humo, chakula humo, gari ya kwenda na kurudi humo, bando humo. Mwezi ambao benki inanunua kwa 2,650 utapata 1,020,250, yaani 140,250 juu ya bajeti, na hiyo sio ya kula, ni ya mwezi ambao reti itaanguka chini hata ya 2,300. Ikifika 2,250 utapata 866,250, pengo ni 13,750 tu na akiba ya mwezi mmoja mzuri inaliziba mara kumi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, akiba hiyo wanaiacha kwenye dola kwa sababu sisi tumezoea kuamini dola haishuki. Lakini fikiria, siku unayoihitaji ni siku dola imeanguka, sasa akiba yako nayo imeanguka pamoja na posho, zote mbili kwa wakati mmoja! Akiba ya kulipia kodi na chakula iweke shilingi. Dola bakisha kwa kile utakacholipa kwa dola kweli, labda ada ya mtihani wa nje.

Zamani kidogo hapa Unguja ukipangishwa kwa dola ulikuwa na kinga bila kujua, dola inaingia dola inatoka, reti haikuhusu. Tangu kanuni za Machi 2025 bei za ndani zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi, kwahiyo kodi sasa iko upande wa shilingi, na kwa sababu wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mpigo ndio inayouma zaidi. Mwezi wa reti nzuri tenga kodi mapema, mwenye nyumba akikubali mlipe kabisa.

Ukilipwa kwa robo mwaka, usibadilishe zote siku ileile wala usizikalie zote ukisubiri ipande, badilisha theluthi kila mwezi tarehe moja. Kawaida nusu ya pili ya mwaka watalii na mauzo ya mazao huleta dola nyingi na shilingi hupata nguvu, ila usicheze kamari na hilo, miaka haifanani.

Na ukiona miezi mitatu mfululizo unachota akiba basi ile reti yako ya chini imeshapitwa, rudi kwenye tovuti, weka mpya, upunguze bajeti kabla akiba haijaisha.