Ombi la fedha za dawa la robo mwaka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Dawa iliyotoka robo iliyopita ndiyo mahitaji ya robo ijayo.

Ukweli: Dawa iliyoisha haitoki, lakini wagonjwa waliendelea kuja. Chukua mfano wa kliniki ya Mbagala inayoomba fedha za Januari hadi Machi. Leja inaonyesha chupa 900 za amoksilini ya watoto zilitoka Oktoba hadi Desemba, siku 92. Ukiifuatilia vizuri, utakuta salio lilikuwa sifuri kwa siku 23. Kwa hiyo chupa 900 zilitumika kwa siku 69, yaani takriban 13 kwa siku. Aliyegawa kwa siku 92 amepata karibu 10.

Endelea na hesabu. Januari hadi Machi ni siku 90. Ongeza akiba ya siku 30, zinakuwa 120. Mara 13, unapata chupa 1,560. Toa 210 zilizohesabiwa kwa mkono rafuni na 150 zilizoagizwa ambazo hazijafika, zinabaki 1,200 za kuombea fedha. Kwa 10 kwa siku ungeomba 840 tu. Tukichukulia bei ya shilingi 1,500 kwa chupa, pengo ni shilingi 540,000 kwa dawa moja, na robo inayofuata leja itaonyesha tena matumizi madogo kwa sababu dawa iliisha. Ndiyo maana safu ya siku za kukosa dawa isiachwe wazi kamwe.

Aprili hadi Juni inahitaji jicho la pekee, kwa kuwa masika huleta malaria na kuhara. Linganisha na robo hiyohiyo ya mwaka jana; kugawa bajeti ya mwaka kwa nne hakutoshi.

Dhana: Salio la benki ndilo linalopunguzwa kwenye ombi.

Ukweli: Linalopunguzwa ni salio lisilo na mwenyewe. Benki ikionyesha 4,200,000, kuna ankara ya dawa zilizokwishapokelewa ya 2,600,000 na hundi ya 500,000 ambayo haijapita benki, fedha huru ni 1,100,000. Ambatisha orodha ya madeni hayo pamoja na ulinganisho wa benki, la sivyo mkaguzi wa ombi atakata zote 4,200,000, na atakuwa na haki.

Dhana: Mishahara ni ile wanayopokea watumishi mkononi.

Ukweli: Anza na mshahara ghafi, kisha ongeza mchango wa mwajiri. Mishahara ghafi ya 3,000,000 kwa mwezi, kwa mchango wa NSSF wa asilimia 10, inadai 300,000 zaidi kila mwezi. Kwa robo ni 900,000.

Dhana: Umeme na maji viombwe kwa bili iliyofika.

Ukweli: Maji, sawa. LUKU hulipwa kabla, na friji ya chanjo inayotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 haisubiri fedha zitoke. Omba kwa yuniti, si kwa shilingi za mwezi uliopita, na yuniti za wiki mbili za kwanza zinunuliwe kabla robo haijafungwa.