Dakika 10 za getini Mtumba zinapotelea wapi? Kusawazisha jedwali la safari za Dodoma

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi ya mipango ya usafiri aliniletea kompyuta yake akiwa amekunja uso. "Kaka, nimeongeza dakika 10 kwa kila anayekwenda Mtumba, zile za kushuka kwenye daladala, kutembea na kukaguliwa getini. Jedwali halijabadilika hata safari moja. Programu imeharibika?"

Programu ilikuwa nzima. Jibu lilivyotoka ndivyo lilivyotakiwa kutoka, na sababu yake ni jambo ambalo wengi wanaotumia modeli ya mvutano, ile inayokadiria ni safari ngapi zinatoka wapi kwenda wapi, hawalioni mpaka liwakute kwenye kikao. Hapa nitaeleza kwa kutumia mji wetu, kwa namba ndogo za mfano nilizozitunga ili mtu aweze kuzifuata kwa kalamu.

Tuchukue mitaa mitatu wanakolala watu: Nkuhungu upande wa magharibi ya mji, halafu Kisasa na Nzuguni upande wa mashariki. Kazi ziko sehemu mbili, katikati ya mji na Mji wa Serikali wa Mtumba, ulio mbele ya Nzuguni kwenye barabara ya Dar es Salaam. Asubuhi wanatoka wafanyakazi 1,000 Nkuhungu, 600 Kisasa na 400 Nzuguni. Kazi zinazowasubiri ni 1,200 mjini na 800 Mtumba. Jumla zote mbili ni 2,000. Tunazijua jumla za pembeni, ila hatujui nani anakwenda wapi, na hicho ndicho modeli inachojaza.

Muda wa safari, pamoja na kusubiri gari, tuseme ni huu: kutoka Nkuhungu dakika 20 kufika mjini na 60 kufika Mtumba, kwa sababu lazima ubadilishe gari, kutoka Kisasa ni 20 na 40, kutoka Nzuguni ni 30 kila upande. Dakika hizo tunazigeuza kuwa namba ya urahisi wa kufika, ambayo hupungua kadiri muda unavyoongezeka. Natumia `f(c) = exp(-β c)`, ambapo c ni dakika na beta ni makali ya muda katika kupunguza urahisi huo, hapa iwe 0.05. Dakika 20 zinatoa 0.368, dakika 30 zinatoa 0.223, 40 zinatoa 0.135, na 60 zinatoa 0.050 tu.

Ukiachia hapo, kila mtaa unagawa watu wake kulingana na wingi wa kazi na urahisi wa kuzifikia. Kwa Nkuhungu, mjini kuna uzito wa 1,200 × 0.368, Mtumba kuna 800 × 0.050. Gawanya watu 1,000 kwa uwiano huo, utapata 917 wa mjini na 83 wa Mtumba. Kisasa inatoa 482 na 118, Nzuguni 240 na 160. Mistari yote imetimia. Sasa jumlisha kwenda chini: mjini wamefika 1,639, Mtumba 361.

Yaani mjini kuna watu 439 wasio na kazi ya kwenda kuifanya, na Mtumba zaidi ya nusu ya viti viko wazi. Wizara haifanyi kazi hivyo. Ofisi ikihamia Mtumba, na mwenye kiti chake anakwenda Mtumba, awe anakaa Nkuhungu au Nzuguni. Kosa liko kwenye kuacha jumla za upande wa kazi zielee.

Hapo ndipo vizidishi vya usawazisho vinapoingia. Kila mtaa wa kutokea unapewa kizidishi chake, A, na kila sehemu ya kwendea inapewa chake, B:

`T_ij = A_i × O_i × B_j × D_j × f(c_ij)`

T ni safari za kutoka mtaa i kwenda sehemu j, O ni watu wanaotoka, D ni kazi zilizopo. A inahakikisha mstari unatimia, B inahakikisha safuwima inatimia. Tatizo ni kwamba A inahesabiwa kwa kutumia B, na B kwa kutumia A, kwa hiyo hakuna namna ya kuzipata kwa mkupuo mmoja. Tunazunguka: anza na B zote zikiwa 1, tafuta A, kwa A hizo tafuta B, rudi tena. Wapangaji wa usafiri wanaiita njia ya Furness.

Kwa mfano wetu, safuwima ya mjini inazidishwa kwa 1,200/1,639, yaani 0.73, na ya Mtumba kwa 800/361, yaani 2.22. Safuwima zinatimia, lakini mistari inavurugika: Nkuhungu inabaki na 855 badala ya 1,000, na Nzuguni inapanda hadi 530 badala ya 400. Rekebisha mistari, safuwima zinakosea tena, ila safari hii kidogo: mjini 1,262. Mzunguko unaofuata ni 1,208, kisha 1,201. Baada ya hapo hakuna cha maana kinachosogea, na jedwali linatulia hivi:

| | Mjini | Mtumba | Jumla |
|---|---|---|---|
| Nkuhungu | 759 | 241 | 1,000 |
| Kisasa | 322 | 278 | 600 |
| Nzuguni | 119 | 281 | 400 |
| Jumla | 1,200 | 800 | 2,000 |

Anayetaka kujaribu mwenyewe, msimbo wote ni huu:

```python
import numpy as np
O = np.array([1000, 600, 400])
D = np.array([1200, 800])
c = np.array([[20, 60], [20, 40], [30, 30]])
f = np.exp(-0.05 * c)
B = np.ones(2)
for _ in range(50):
    A = 1 / (f @ (B * D))
    B = 1 / (f.T @ (A * O))
T = (A * O)[:, None] * (B * D)[None, :] * f
print(T.round())
```

Sasa turudi kwa yule kijana. Ukiongeza dakika 10 kwenye safuwima nzima ya Mtumba, kila namba ya urahisi katika safuwima hiyo inazidishwa kwa kitu kilekile, `exp(-0.5)`, yaani 0.61. B ya Mtumba inaona safuwima yake imepungua, na kazi yake ni kuijaza mpaka ifike 800. Kwa hiyo inapanda mara 1.65 ikilinganishwa na ya mjini, na 1.65 × 0.61 ni 1. Dakika 10 zimemezwa zote. Hali ni hiyohiyo kwa nauli inayopanda kwa kila anayekwenda Mtumba, au foleni inayomkuta kila anayetoka Nkuhungu hata aelekee wapi. Hiyo ya pili humezwa na A.

Kwa upande wa muda, kitu pekee kinachoweza kusogeza jedwali hili ni tofauti kati ya jozi na jozi. Chukua Nkuhungu: kwa kila mmoja wa Mtumba kuna 3.15 wa mjini. Nzuguni kuna 0.42. Gawanya ya kwanza kwa ya pili utapata takriban 7.4, ambayo ndiyo `exp(0.05 × 40)`. Zile dakika 40 ni hizi: kwenda Mtumba badala ya mjini kunamgharimu mtu wa Nkuhungu dakika 40 zaidi, ila mtu wa Nzuguni hakumwongezei hata moja. Uwiano huo hauguswi na A wala B, uzungushe mara ngapi. Mimi hukagua jedwali la mtu kwa njia hiyo: nachagua mitaa miwili na sehemu mbili, napiga uwiano wa namba nne. Ukikataa kulingana na muda alioniambia, najua kuna mtu ameingiza mkono katikati.

Ndiyo maana pia sipendi kusikia B ikitafsiriwa kama mvuto wa Mtumba. Ukizidisha A zote kwa 10 na kugawanya B zote kwa 10, jedwali ni lilelile. B peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni B ya sehemu moja ikilinganishwa na ya nyingine, na hata hapo inatuambia tu ni kiasi gani namba za urahisi zimeshindwa kueleza jumla tulizozilazimisha.

Linganisha na daladala ya moja kwa moja kutoka Nkuhungu hadi Mtumba, inayoshusha dakika 60 hadi 45. Hii inagusa jozi moja tu, kwa hiyo jedwali linasogea: watu wa Nkuhungu wanaokwenda Mtumba wanapanda kutoka 241 hadi karibu 323. Kazi za Mtumba zimebaki 800, kwa hiyo Kisasa inashuka kutoka 278 hadi 228, na Nzuguni kutoka 281 hadi 250. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu. Hakuna mtu wa Kisasa atakayeacha kazi Jumatatu kwa sababu Nkuhungu wamepata daladala. Modeli inaeleza mji ukishatulia, watu wakishahama nyumba na kubadilisha kazi, na hilo huchukua miaka.

Beta nayo haina uhuru mkubwa kama watu wanavyodhani. Wastani wa muda katika jedwali letu ni dakika 29.6. Kwa kawaida unalinganisha wastani huo na wa utafiti wa kaya: wa utafiti ukiwa mfupi, unapandisha beta, ukiwa mrefu, unaishusha. Lakini jumla zimeshafungwa. Beta ikiwa sifuri, watu wanagawanyika bila kujali muda na wastani unafika 32.4. Ipandishe utakavyo, wastani hautashuka chini ya 26, maana hata ukipeleka Nzuguni yote Mtumba bado viti 400 vitahitaji watu wa kutoka mbali. Utafiti ukikuletea wastani wa 35, usihangaike na beta. Kagua muda wa safari ulioingiza, au ulizia kama waliohojiwa ndio hao wafanyakazi unaowagawa.

Kuna dalili nyingine inayosumbua wanaoanza: mizunguko haitulii. Mara nyingi sababu ni kwamba utafiti wa kaya umetoa safari 2,000 na orodha ya ajira imetoa kazi 2,300. Utaitambua kirahisi, kwa sababu kila ukishatimiza mistari, safuwima zote zinapungua kwa uwiano mmoja, 0.87, na uwiano huo haubadiliki hata ukizungusha mara mia. Lazima ukubali upande mmoja na kuulinganisha mwingine nao kabla ya kuanza. Mimi hushika wa kaya, kwa kuwa orodha ya ajira inahesabu viti, na si kila kiti kina mtu anayetoka nyumbani asubuhi hiyo.

Swali la mwisho la yule kijana lilikuwa zuri: je, zile dakika 10 hazina maana kabisa? Zina maana kwa mtu anayezitembea, na zina maana kwenye hatua ya kuchagua kati ya daladala, bajaji na gari binafsi. Na zingekuwa na maana hapahapa kama tungekuwa tunagawa safari za sokoni, za kwenda Soko la Job Ndugai pale Nzuguni kwa mfano, ambako hakuna idadi ya wanunuzi inayolazimika kutimia. Kwa safari za namna hiyo nabakiza A na kuiondoa B. Kwa namba zetu zilezile, bila B, dakika 10 za ziada zingeshusha wanaofika ile sehemu ya pili kutoka 361 hadi 245.