Kati ya 5.9 na 6.8 kuna pengo kubwa

Kuna ujumbe unaosambazwa kwenye simu: “Tetemeko la 6.8 na la 5.9 ni karibu sawa, hata pointi moja haifiki.”

Hapana. Namba hizi za ukubwa wa tetemeko hazipandi kama kilo za mizani. Kila ikiongezeka 1, mtikisiko wa ardhi huwa mkubwa mara 10, na nishati inayotoka huwa karibu mara 32, yaani 10^1.5.

Chukua la Kagera la 2016 (5.9) na la Ziwa Tanganyika la 2005 (6.8). Tofauti ni 0.9. Fungua kikokotoo cha simu, andika:

```
10^0.9 = 7.9
10^(1.5*0.9) = 22.4
```

Mtikisiko ni karibu mara 8, nishati mara 22. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu shuleni tuliambiwa “mara 10” bila kuambiwa mara 10 ya nini: ni kimo cha wimbi linalochorwa na mashine, wala si nishati. Na ulinganisho huo ni kwa umbali uleule na udongo wa aina moja. Nyumba iliyo karibu na tetemeko dogo inaweza kupasuka, ya mbali na kubwa ikabaki salama. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Mtumie aliyekutumia hesabu hii.