Mzingo wa duaradufu: dhana potofu kuhusu wastani unaorudiwa na mfululizo

Eneo la duaradufu halimsumbui mtu: ni π × a × b, ambapo a ni nusu ya mhimili mrefu na b ni nusu ya mhimili mfupi. Mzingo ndio wenye taabu, na palipo na taabu hapakosi maneno yasiyo sahihi. Nitayapima maneno hayo kwa duaradufu moja bapa kabisa, yenye a = 10 na b = 1. Mzingo wake ni 40.6397418010 ukikatwa kwenye desimali ya kumi. Nimechagua umbo hili kwa makusudi, kwa sababu duaradufu inayokaribia duara huficha makosa ya karibu kila njia.

Dhana: Mzingo wa duaradufu haukokotoleki kwa usahihi, hukadiriwa tu.

Dhana hii imechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba hakuna fomula fupi inayotumia kujumlisha, kuzidisha, vipeuo, logi na sini peke yake. Katika miaka ya 1830 Joseph Liouville alithibitisha kwamba intigro inayotoa mzingo huu haiwezi kuandikwa kwa vitendo hivyo vya kawaida. Lakini kukosa fomula fupi si kukosa usahihi. Hata mzingo wa duara unahitaji π, na π nayo hupatikana kwa hesabu inayoendelea hadi tarakimu unazozitaka zitimie. Duaradufu iko katika hali hiyohiyo. Swali la maana ni moja: utafika haraka kiasi gani?

Dhana: Tafuta wastani wa a na b, zidisha kwa 2π, basi.

Wastani wa kawaida wa 10 na 1 ni 5.5, na 2π × 5.5 ni 34.56. Jibu hilo haliwezekani, na huhitaji kikokotoo kuliona. Ukingo wa duaradufu huenda kutoka ncha moja ya mhimili mrefu hadi nyingine na kurudi. Umbali wa moja kwa moja wa kwenda na kurudi ni 4a, yaani 40, kwa hiyo mzingo lazima uzidi 40. Kipimo hiki cha 4a ni kizuri cha kukagulia jibu lolote la duaradufu bapa.

Kuna toleo la kisomi zaidi la kosa hili, nalo ndilo linalowapata watu wanaosoma kuhusu wastani unaorudiwa kwa mara ya kwanza. Njia yenyewe ni hii: chukua namba mbili, tafuta wastani wa kawaida (jumla gawa kwa mbili) na wastani wa kijiometri (kipeuo cha pili cha zao lake), kisha zifanyie namba mbili mpya vivyo hivyo. Namba hizo husogeleana hadi zikutane kwenye thamani moja, tuiite M. Kwa 10 na 1 safari inakwenda hivi:

```
hatua   wastani wa kawaida   wastani wa kijiometri
0       10                   1
1       5.5                  3.16227766
2       4.33113883           4.17043489
3       4.25078686           4.25002735
4       4.25040710           4.25040709
```

Hapo msomaji husema: nimepata wastani halisi wa mihimili, sasa nizidishe kwa 2π. Anapata 26.71, jibu baya kuliko la kwanza!

Sababu ni kwamba M peke yake hujibu swali jingine. M hutoa intigro ya duaradufu ya aina ya kwanza, ile inayohusu muda wa pendulamu inayobembea kwa pembe kubwa. Gauss alikuwa akifuatilia intigro ya jamii hiyo, ya lemniskati, mkunjo wenye umbo la namba 8 iliyolazwa, alipogundua mwaka 1799 kwamba inalingana na wastani huu. Mzingo wa duaradufu ni intigro ya aina ya pili. Ili kuipata lazima uweke kumbukumbu ya tofauti unayopishana nayo njiani: katika kila hatua, c ni nusu ya tofauti ya namba mbili za hatua iliyotangulia. Fomula kamili ni:

```
P = (2π / M) × [ (a² + b²)/2 − c₁² − 2c₂² − 4c₃² − 8c₄² − ... ]
```

Kwa mfano wetu, c₁ ni 4.5, c₂ ni 1.16886, c₃ ni 0.08035 na c₄ ni 0.00037975. Kinachotangulia kwenye mabano ni (100 + 1)/2, yaani 50.5. Toa 20.25, toa 2.732472869, toa 0.025825758, toa 0.000001154. Kinachobaki ni 27.491700219. Zidisha kwa 2π, gawa kwa M ambayo ni 4.250407095, na 40.6397418 inajitokeza.

Ukisimama baada ya hatua ya kwanza tu, mabano yanakuwa 50.5 − 20.25 = 30.25, ambayo ni 5.5 mraba. Gawa kwa 5.5, zidisha kwa 2π, na umerudi kwenye 34.56. Kumbe ile fomula ya π(a + b) si upuuzi uliotungwa hewani. Ni hatua ya kwanza ya njia sahihi, iliyokatishwa mapema mno. Kwangu mimi hili ndilo jambo linalopendeza kuliko yote katika mada hii.

Dhana: Mfululizo na wastani unaorudiwa ni mamoja, kwa kuwa zote mbili hazina mwisho.

Tazama majibu ya wastani unaorudiwa tukisimama baada ya kila hatua: 34.56, kisha 39.92, kisha 40.6361, kisha 40.63974172. Kosa la hatua ya tatu ni 0.0036. La hatua ya nne ni chini ya 0.0000001. Hatua ya tano inapita usahihi wa namba za kawaida za kompyuta.

Kasi hii ina sababu inayoonekana. Kila c mpya ni mraba wa c iliyotangulia, ukigawanywa kwa mara nne ya wastani mpya. Namba ndogo ikipandishwa mraba huporomoka, ndiyo maana 0.00038 inafuatwa moja kwa moja na 0.0000000085. Tarakimu sahihi huongezeka takriban maradufu kila hatua.

Sasa chukua mfululizo unaofundishwa mara nyingi zaidi, ule wa vipeo vya e², ambapo e² = 1 − b²/a²:

```
P = 2πa × [ 1 − (1/2)² e² − (1·3/(2·4))² e⁴/3 − ... ]
```

Kwa duaradufu yetu e² ni 0.99. Baada ya vipengele vingi, kinachokipunguza kipengele kinachofuata ni karibu tu kule kuzidishwa kwa 0.99, yaani asilimia moja tu. Ukitoa vipengele 10 bado umezidi jibu kwa karibu 0.7. Ukitoa 100 bado umezidi kwa takriban 0.015, na hapo hujafikia usahihi wa hatua ya tatu ya wastani. Kuifikia hatua ya nne kunahitaji zaidi ya vipengele 900.

Hatari yake ni kwamba mfululizo huu hauonyeshi kuwa umekwama. Kila kipengele kipya ni kidogo, kwa hiyo mtu anaposema “nitasimama kipengele kikishuka chini ya kiwango fulani”, anasimama huku mamia ya vipengele vidogo vilivyobaki yangali na jumla kubwa. Udogo wa kipengele cha mwisho haukuambii kosa ni kiasi gani. Lazima uangalie uwiano wa kipengele na kinachofuata: ukikaribia 1, usiuamini mfululizo.

Dhana: Basi mfululizo hauna kazi.

Hapana, tatizo lilikuwa mfululizo uliochaguliwa na umbo lililopewa. Upo mwingine bora zaidi:

```
P = π(a + b) × [ 1 + h/4 + h²/64 + h³/256 + ... ]
h = ((a − b)/(a + b))²
```

Hapa h ya mfano wetu ni 0.669 badala ya 0.99, na vipengele vipatavyo 22 vinatosha kufikia usahihi wa hatua ya nne. Ukichunguza, (a − b)/(a + b) ni c₁ gawa kwa wastani wa kwanza. Maana yake mfululizo huu umeanzia pale hatua ya kwanza ya wastani ilipoishia, na hatua hiyo moja ndiyo iliyopunguza kazi ya vipengele 900 hadi 22.

Na umbo likikaribia duara, mfululizo huu unashinda waziwazi. Chukua duaradufu inayopita kwenye ncha mbili za Dunia, kwa vipimo vya WGS84, mfumo wa vipimo vya Dunia unaotumiwa na GPS: a ni mita 6,378,137 na b ni mita 6,356,752.3142. Hapo h ni takriban 0.00000282. π(a + b) inatoa kilomita 40,007.835. Kipengele cha h/4 kinaongeza mita 28.2. Kipengele kinachofuata hakifikii hata sehemu ya mia ya milimita. Kujumlisha kipengele kimoja kumemaliza kazi, bila kutafuta kipeuo cha pili hata kimoja. Uamuzi basi ni wa umbo: h ikiwa ndogo sana tumia mfululizo huu, ikikaribia 1 tumia wastani unaorudiwa.

Kuna pia fomula ya Ramanujan ya mwaka 1914, π(a + b)(1 + 3h/(10 + √(4 − 3h))). Kwa 10 na 1 inatoa 40.63927, kosa la chini ya 0.0005. Ni nzuri mno kwa kazi ya mkono, ila ni kadirio lililoganda: ukitaka usahihi zaidi, haina hatua inayofuata.

Dhana: Rudia mpaka namba mbili zilingane kabisa.

Kwenye karatasi ni sawa. Kwenye kompyuta, ukadiriaji wa tarakimu za mwisho unaweza kuziacha namba hizo zikipishana kidogo daima, na programu ikazunguka bila kukoma. Wala hakuna haja ya kusubiri kulingana. Kwa kuwa tofauti hupandishwa mraba, zikikaribiana hadi tarakimu nane, wastani mmoja wa mwisho unazileta hadi kumi na sita.

```python
from math import pi, sqrt

def mzingo(a, b):
    s = (a*a + b*b) / 2
    k = 1.0
    while abs(a - b) > 1e-8 * a:
        c = (a - b) / 2
        a, b = (a + b) / 2, sqrt(a * b)
        s -= k * c * c
        k *= 2
    return 2 * pi * s / ((a + b) / 2)
```

Kwa 10 na 1 kitanzi hiki huzunguka mara nne. Kitu kimoja tu kishughulikiwe kando: b ikiwa sifuri, wastani wa kijiometri hubaki sifuri daima, namba mbili hazikaribiani kwa uwiano, na mwishowe programu hugawa kwa sifuri. Mzingo wa duaradufu iliyobanwa hadi kuwa mstari ni 4a, kwa hiyo rudisha 4a kabla ya kuanza kitanzi.