Jinsi tunavyopokea mbolea stoo: kutoka getini hadi kwenye kadi

Stoo ninayoitunza iko Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ambapo barabara ya Tukuyu inaachana na ile kuu iendayo Tunduma. Ni ndogo: ukuta wa tofali, paa la bati, mlango mmoja mpana. Mwaka mzima tunauza pembejeo, lakini msimu wenyewe unaanza Oktoba, wakulima wakiwa wanasubiri mvua za Novemba. Hapo magari ya mbolea yanafuatana, na makosa ya kupokea yanafuatana nayo.

Nyuma ya mlango nimebandika ukurasa mmoja wa utaratibu wa kupokea mzigo, kwa mwandiko wangu. Niliuandika baada ya kuumia. Kwenye stoo niliyofanya kazi kabla ya hii, dereva alifika jioni, ana haraka, akanishikisha delivari na kalamu. Nikasaini huku nikijiambia tutahesabu asubuhi. Asubuhi mifuko saba haikuwepo. Nilipopiga simu kwa aliyetuuzia, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Dada, sahihi si yako hii?" Ilikuwa yangu. Nikakatwa mshahara miezi miwili.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ukurasa ule unasema kwamba kalamu haitoki mfukoni mpaka mfuko wa mwisho uwe umeshuka. Mengine yote nitayaeleza kwa gari moja la msimu uliopita, kwa sababu karibu kila tatizo ninalolijua lilipanda kwenye gari hilo.

Ilikuwa Fuso, saa tano asubuhi. Karatasi zilisema mifuko 200 ya kilo 50: urea 120 na CAN 80. Gari halipiti geti kabla sijalinganisha vitu viwili, yaani oda yetu na delivari yao. Naangalia aina ya mbolea, idadi, namba ya gari iliyoandikwa na ile iliyo kwenye kibao. Vikipishana, gari linasubiri nje mpaka bosi apige simu. Siku hiyo vilikubaliana. Kisha nikazunguka gari turubai likiwa bado limefungwa. Hapa natafuta mambo mawili tu, kamba zilizofungwa upya njiani, na maji. Kona ya nyuma kushoto turubai lilikuwa limechanika, na ubao wa bodi chini yake ulikuwa na rangi ya unyevu. Nikapiga picha kwa simu, namba ya gari ikionekana kwenye picha ileile. Picha ya turubai peke yake haimwambii mtu ni turubai la nani.

Ndipo likaingia, likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Ndani nimechora mstari wa rangi ya njano sakafuni. Mzigo wote unashukia ndani ya mstari huo, juu ya chaga, na hakuna mfuko unaovuka kwenda kwenye mali ya zamani mpaka hesabu iishe. Ukishachanganya mpya na wa zamani, hesabu imekufa, hata ungekuwa mwanahisabati.

Kuhesabu ndiko kwenye kazi. Wengi wanahesabu moja hadi mia mbili, na mahali fulani penye mia na kitu simu inaita, au kuli anakusalimia, na namba inapotea. Ukigundua mwishoni kwamba wewe una 199 na utingo ana 200, utahesabu upya mifuko mia mbili iliyorundikwa, na utapata namba ya tatu. Sisi tunasimama kila baada ya mifuko 20. Msaidizi wangu anasimama kwenye bodi la gari pamoja na utingo, mimi nasimama ndani, kila mmoja ana karatasi yake na anachora vijiti vitano vitano. Mfuko wa ishirini ukishuka, nasema "Simama!" na tunatajiana. Tukikubaliana, tunaanza ishirini nyingine kwenye chaga nyingine. Tukipishana, kosa liko ndani ya mifuko 20 iliyo mbele ya macho, na dakika moja inatosha.

Hesabu ya makuli naiheshimu lakini siitegemei. Wanalipwa kwa mfuko, na sijawahi kuona kuli akikosea kwa kupunguza. Ili tusigombane, kila anayepita na mfuko anachukua kizibo cha soda kutoka kwenye ndoo iliyo miguuni pangu. Mwisho wa kazi anavihesabu mwenyewe mbele yangu na analipwa. Vizibo vyao vikijumlishwa vinakuwa hesabu ya tatu ambayo hainigharimu chochote.

Siku hiyo CAN zilishuka 80 kamili. Urea, awamu tano za ishirini zilikwenda vizuri, na ya sita ikaishia 19. Bodi tupu, utingo kimya. Vizibo 199. Mfuko mmoja haukuja.

Idadi ikishajulikana, inafuata hali ya mzigo. Mifuko mitatu ya CAN kutoka ile kona ya turubai ilikuwa imelowa. Ukiibonyeza ndani unasikia mabonge, na CAN ikishashika maji hairudi kuwa chembechembe. Mifuko miwili ya urea ilikuwa imepasuka. Hayo yanaonekana kwa macho. Lisiloonekana ni uzito.

Mizani yetu ni ya sakafuni, na kabla ya kupima naweka jiwe la kilo 20 lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, nione inasoma 20. Dereva aangalie pia, asije akailaumu mizani baadaye. Kisha nachagua mfuko mmoja katika kila ishirini, na nachagua mimi, sipokei nilioletewa. Mfuko mzima wa urea kwetu husoma kama kilo 50.1, hiyo desimali ikiwa ni uzito wa mfuko wenyewe. Wa nne kuupima ulisoma 47.3.

Hapo ndipo unapoangalia mshono. Kiwandani mdomo wa mfuko unashonwa kwa mashine, uzi mmoja unaokwenda sawasawa, na matundu ya sindano yako kwenye mstari mmoja. Mfuko ule ulikuwa na mistari miwili ya matundu: mmoja wenye uzi, mwingine mtupu, milimita chache juu yake. Mtu aliufungua, akachota, akaushona tena. Ukipata mmoja wa namna hiyo, usiendelee na sampuli. Tuliangalia mishono ya urea yote na kupima kila uliotia shaka. Tukapata mingine mitatu: 46.8, 47.9 na 47.0. Ukijumlisha upungufu wa mifuko hiyo minne ni kilo 11.4. Aliyefanya hivyo alijua kazi yake, maana mfuko uliopungua kilo tatu kuli haumhisi begani.

Dereva akaanza: "Dada, mimi nawahi Tunduma, we saini tu, hayo mtamalizana ofisini." Sikumgombeza. Ana safari yake, na huenda hakujua lolote. Lakini gari likishaondoka, kilichobaki ni neno langu dhidi ya karatasi. Delivari nyingi zimechapwa chini kabisa "Nimepokea mzigo kamili na katika hali nzuri". Maneno hayo niliyakata kwa mstari, nikaandika juu yake kwa tarakimu na kwa maneno: urea iliyofika 119, iliyopokelewa 115, kati yake miwili imepasuka, minne inarudishwa kwa uzito pungufu, mmoja haukufika, CAN iliyofika 80, iliyopokelewa 77, mitatu imelowa, inarudishwa. Niliandika kwenye nakala zote tatu, nikahakikisha kaboni imefika hadi ya mwisho. Dereva akasaini pembeni ya maandishi hayo, mimi nikasaini chini yake. Mifuko saba ikapandishwa tena kwenye gari lilelile.

Watu huniuliza kwa nini nisibaki nayo mpaka waje kuikagua. Nilijaribu zamani. Mfuko uliokataliwa ukikaa stoo wiki mbili unaanza kuhesabiwa kama wako, na siku moja kijana mgeni anauuza.

Kupanga ni rahisi ukiwa na chaga za kutosha. Tunapanga mifuko mitano kwa tabaka, miwili hivi na mitatu vile, tabaka linalofuata likigeuzwa ili mifuko ishikane kama tofali. Matabaka nane ni mifuko 40, na hatuzidishi hapo. Urea nzima 113 zikawa marundo mawili ya 40 na moja la 33. CAN 77 zikawa 40 na 37. Mtu akiingia mlangoni anajua kilichopo bila kugusa mfuko. Tunaacha nusu mita kutoka ukutani, kwa sababu asubuhi za baridi za huku bati linatoa jasho na maji yanateremka na ukuta. Mali ya zamani inavutwa mbele, mpya inakaa nyuma, na kila rundo linaning'inizwa lebo ya aina, namba ya bechi, tarehe na idadi. Dawa za magugu na mbegu zina chumba chao.

Kuna jambo moja la kupanga ambalo wenye maduka wengi hawalijui: urea na CAN hazikai jirani. Kila moja peke yake inavumilia unyevu wa kiasi. Zikichanganyika, kwenye joto la nyuzi 30 mchanganyiko unaanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita asilimia 18 tu, na hewa ya Mbeya hata kiangazi ni nadra kuwa kavu hivyo. Chembe zilizomwagika za aina zote mbili zikikutana sakafuni, kesho yake unakuta uji. Kwa hiyo urea iko upande wa kulia, CAN kushoto, na kila upande una ufagio wake. Vijana walinicheka kuhusu mafagio mawili mpaka walipouona uji wenyewe.

Kuandika kunafanyika siku ileile, kabla sijafunga mlango. Najaza hati ya kupokea mzigo, namba yake naihamishia kwenye kadi ya stoo iliyo kwenye kila aina. Kadi ya urea ilikuwa na salio la 26. Nikaandika kuingia 113, salio 139, kisha nikaenda kuhesabu marundo kabla ya kusaini salio hilo. Miwili iliyopasuka ilipimwa, ikavalishwa mifuko mingine, ikapata kadi yake ya mali iliyoharibika.

Kosa la hapa linafanyika mezani. Ankara ya muuzaji ilisema 120 na 80, na mhasibu wetu alishaanza kuziingiza hivyo kwenye kompyuta. Angeachwa, vitabu vingeonyesha mifuko minane ambayo haimo stoo, mitano ya urea na mitatu ya CAN, na mwezi wa Desemba wakati wa kuhesabu mali ningeulizwa mimi. Siku hizi haingizi kitu mpaka awe na hati yangu mkononi, na tofauti kati yake na ankara ndiyo anayomdai muuzaji. Minane ile tulirudishiwa fedha yake baada ya wiki tatu, kwa nguvu ya nakala yenye sahihi ya dereva.

Miwili iliyopasuka bosi aliipeleka kwenye shamba lake la viazi. Nikaiandika kutoka.