Je, wajua? Mali ikitolewa Likasi, ndoa ya Lubumbashi inaweza kuanguka

"Yaya, niko hapa Katuba. Nimegundua kuwa kabla yangu bwana yangu alitoa mali kwa mwanamke wa Likasi, na wana mtoto wa miaka tisa. Anasema waliachana zamani. Sisi tulipita komine. Je, mimi ni bibi yake kweli, na nifanye nini?"

Mdogo wangu, kila kitu kinategemea namna walivyoachana. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaitambua ndoa iliyofungwa ndani ya familia kwa desturi. Wawili wakikubali, familia zikakutana na mali ikatolewa, wamekwisha kuoana, hata kama padri hakuwepo. Baada ya hapo wanatakiwa waende komine ndani ya mwezi mmoja ili ndoa iandikwe, kwa sababu maandishi hayo ndiyo yanayoipa nguvu mbele ya watu wa nje. Wengi hawaendi.

Uchungu wote unaanzia hapo. Mwanamke anarudi kwao, wazee wanazungumza, pengine sehemu ya mali inarudishwa, na mwanaume anajiona huru. Kumbe ndoa iliyoandikwa komine haivunjwi na wazee. Talaka inatolewa na hakimu wa tribinali ya amani, baada ya kujaribu kuwapatanisha. Bila hukumu yake, wangali mume na mke hata kama hawajaonana kwa miaka mingi, na sheria inakataza kufunga ndoa nyingine kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa. Ndoa yako inaweza kubatilishwa, hata cheti chako kikiwa mkononi.

Kwa hiyo usimuulize bwana yako kama bado anampenda yule. Jibu lolote halitakusaidia leo. Muulize ni nani alipokea mali, mwaka gani, na kama walipita komine. Akisema walipita, mwombe kopi ya hukumu ya talaka. Asipokuwa nayo, nenda komine ya Likasi walikoandikiwa, uombe waangalie kitabu cha ndoa: talaka ikiwa ilitolewa, inapaswa kutajwa pembeni ya cheti chao. Akisema hawakupita, mtume shangazi yako kwa familia ya yule mama. Shangazi atasikia upesi kama mali ilitolewa kweli, au kama walikuwa wakiishi pamoja tu. Kuishi pamoja bila mali wala ndoa hakukufungi wewe kwa lolote. Ngumu zaidi ni ile ya katikati, mali iliyotolewa bila kuandikwa. Hapo tafuta mwanasheria kabla ya kufanya lolote, maana mashahidi wa familia wanaweza kusimama mbele ya hakimu.

Jambo moja likutulize. Ndoa ikibatilishwa, aliyeingia bila kujua halaumiwi: hakimu akikubali kwamba ulikuwa na nia njema, unabaki na haki ulizopata kwa ndoa hiyo, na watoto wako hawapotezi chochote. Ndiyo maana nakuomba utunze ujumbe wa simu unaoonyesha ni lini ulijua.

Kuhusu mtoto, nitasema wazi ninavyoona. Ukigundua kwamba bwana yako amekuwa akimlipia shule kwa siri, amekukosea wewe, lakini hakumtupa mtoto. Mimi ningemwogopa zaidi mwanaume anayemficha mtoto wake na kumnyima. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, baba akimtambua rasmi komine, anarithi pamoja na wa kwako. Na kama mali yao ilikuwa ndoa kweli, huyo ni mtoto wa ndoa. Tuseme mmejenga nyumba ya dola 20 000 baada ya kuoana, ndoa yenu ni halali na hamkuchagua utaratibu mwingine wa kumiliki vitu vyenu. Bwana yako akifa, nusu ni yako kabla ya urithi kuguswa. Katika 10 000 zake, robo tatu, yaani 7 500, ni za watoto. Ukiwa na wawili na yule wa Likasi akiwa wa tatu, kila mmoja anapata 2 500. Robo inayobaki ni ya kundi lako wewe, wazazi wake na ndugu zake.

Kubaki au kuondoka ni juu yako, na sitakuamulia. Lakini usiamue kabla hujaona kitabu cha Likasi. Kikionyesha kwamba ndoa ya kwanza ingalipo na bwana yako anataka kubaki nawe, sharti lako la kwanza liwe hili: apeleke ombi la talaka tribinali, kisha ninyi wawili mfunge ndoa upya komine baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Akikataa kupeleka ombi hilo, ameshakujibu.